Uzoefu wangu: fx-991ES PLUS ya mtumba kwenye jedwali la probabiliti (Moshi)

Hii kalkuleta nimeichukua mtumba hapa Moshi mjini, elfu ishirini na tano, na nimekaa nayo miezi minne sasa nikijiandaa na mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Sitaongelea kila kitu inachofanya, naongelea kitu kimoja tu ambacho ndo kilinifanya niipende, yaani kutafuta thamani tarajiwa na variansi ukiwa umepewa jedwali.

Kwanza kabisa, ukiiwasha mara ya kwanza ukaingia STAT utaona safu moja tu ya X, hakuna pa kuweka probabiliti. Mi nilihangaika jioni nzima nikajua mashine mbovu, kumbe safu ya FREQ imefichwa, inabidi uiwashe mwenyewe, na uiwashe KABLA hujaingiza namba maana ukibadilisha katikati inafuta data zote:

```
SHIFT MODE ▼ 4 1    (FREQ iwake)
MODE 3 1            (1-VAR)
```

Basi nikatafuta jedwali la ukweli la kuijaribia. Shangazi yangu anauza ndizi mshare soko la Kiborloni, anazitoa shambani kwake, na ana daftari anaandika kila siku ya soko mikungu mingapi wateja walitaka, hata wale walioulizia mzigo ukiwa umeshaisha anawaandika. Nikachukua siku 20: siku 2 hakuna aliyetaka, siku 4 mkungu mmoja, siku 6 miwili, siku 6 mitatu, siku 2 minne. Ukigawa kwa 20 unapata jedwali:

```
X      0     1     2     3     4
P(X)   0.1   0.2   0.3   0.3   0.1
```

X zinaingia safu ya kwanza, P(X) zinaingia FREQ, halafu AC. Kisha SHIFT 1 4 inakuletea menyu yenye n, x̄, σx na sx. Nilipata x̄ = 2.1, na σx ukiipandisha kipeo cha pili inatoa 1.29. Nikahakikisha kwa mkono kwa sababu mwalimu wetu wa tuisheni hakubali jibu lisilo na njia: E(X) ni 0 + 0.2 + 0.6 + 0.9 + 0.4 = 2.1, E(X²) ni 0 + 0.2 + 1.2 + 2.7 + 1.6 = 5.7, variansi ni 5.7 − 2.1² = 5.7 − 4.41 = 1.29. Inakubali. Ukisahau kupandisha 2.1 ukatoa hivi hivi unapata 3.6, na wengi tunaanguka hapo.

Sasa sikilizeni hii maana ndo imeniokoa zaidi. Kabla hujaangalia wastani angalia n kwanza. Probabiliti zote zikijumlishwa lazima ziwe 1, kwa hiyo n lazima isome 1. Siku moja kwenye X = 3 niliandika 0.2 badala ya 0.3, mashine ikanipa wastani 2 bila kulalamika, na 2 inaonekana jibu zuri tu. Sababu ni kwamba inachukua jumla ya X mara FREQ, hapo ni 1.8, inagawa kwa n ambayo imekuwa 0.9, inakupa 2 safi kabisa. Bila kuangalia n huwezi kujua umekosea.

Na sx achaneni nayo kwenye jedwali la probabiliti. Ukiibonyeza inaleta Math ERROR, siyo ubovu, ile ni ya sampuli na inagawa kwa n − 1, na hapa n ni 1 kwa hiyo inagawa kwa sifuri. Yetu ni σx.

Nikaja kwenye hela. Kila mkungu unaouzika shangazi anabaki na 5,000, na kila siku ya soko anatoa 3,000 ya boda na ushuru, auze asiuze, na usiouzika anarudi nao nyumbani haupotei. Kwa hiyo faida Y = 5000X − 3000. Hapa huhitaji kuingiza jedwali upya. Wastani unafuata kila kitu, 5000 × 2.1 − 3000 = 7,500. Variansi haiijui ile 3,000 kabisa, kwa sababu kutoa kiasi kilekile kila siku kunasogeza faida zote pamoja bila kubadilisha zilivyotawanyika, ila 5,000 inaingia ikiwa imepandishwa kipeo cha pili: 5000² × 1.29 = 32,250,000. Ukitafuta kipeuo chake ni kama 5,679, na hiyo ni 5000 × σx moja kwa moja. Mara ya kwanza mimi niliandika 5000 × 1.29 − 3000 = 3,450, yaani nilifanya kama wastani. Nikaingiza faida zenyewe, −3000, 2000, 7000, 12000, 17000, na probabiliti zilezile, σx ikasoma 5678.908. Hapo nikafuta 3,450 yangu.

Jumapili nikaenda kumwonyesha shangazi. Akavaa miwani, akaangalia daftari, akaniambia, "Mwanangu, elfu saba mia tano sijawahi kurudi nayo hata siku moja." Na kweli, kwenye zile faida tano 7,500 haimo. Nikamwambia shangazi huo ni wastani wa siku nyingi, siyo hela ya siku moja. Akaitikia, halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea: "Lakini mimi nabeba mitatu tu, wa nne pikipiki haichukui."

Jamani hapo hesabu yangu yote ilibadilika. X ni mikungu inayotakiwa, lakini inayouzika haiwezi kuzidi mitatu, kwa hiyo faida siyo mstari ulionyooka wa X tena, ikifika 3 inalala. Ile njia ya mkato ya aX + b inataka mstari, hapa haifai, lazima utengeneze jedwali jipya la mikungu iliyouzika, tuiite W. Siku za minne zinahamia kwenye mitatu, kwa hiyo P(W = 3) inakuwa 0.3 + 0.1 = 0.4. Nikaingiza palepale kibarazani, n ikasoma 1, x̄ ikasoma 2, σx ikasoma 1. Kutoka W kwenda faida ni mstari, kwa hiyo sasa ruksa: 5000 × 2 − 3000 = 7,000, na mtawanyiko ni 5,000.

Akaniuliza je, akikodi boda ya pili kwa ajili ya ule wa nne? Wanamdai 1,000 zaidi kila siku. Akibeba minne wastani wa kuuzika unarudi 2.1, gharama inakuwa 4,000, 5000 × 2.1 − 4000 = 6,500. Mkungu wa nne unaleta wastani wa 500 na unakula 1,000. Akafunga daftari, akasema basi ataendelea na mitatu.

Kwa kazi hii mi naipa nyota tano. Ukinunua ya mtumba jaribu vitufe vya SHIFT na ▼ palepale dukani, maana bila hivyo FREQ huipati.