Baiskeli ya kwanza ya mtoto wa miaka mitano: pima mguu kabla ya kuuliza bei

Nilipokwenda Kariakoo kumtafutia binti yangu baiskeli, muuzaji wa kwanza aliuliza umri tu, kisha akatoa ya inchi 20. "Chukua hii mama, atakua nayo." Binti alipandishwa, miguu ikaning'inia. Nilishukuru nikaondoka.

Inchi zinazotajwa dukani ni za tairi. Unachohitaji kujua ni urefu wa mguu wa mtoto kwa ndani. Msimamishe peku, mgongo ukutani, kitabu kigumu kikiwa katikati ya mapaja na kimepandishwa mpaka pale anapokalia siti. Pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Binti yangu alikuwa na kimo cha sentimita 108, na mguu wake ulikuwa 47. Nenda dukani na futi kamba, shusha siti mpaka mwisho, kisha pima kutoka chini hadi juu ya siti. Kwa anayejifunza, kipimo hicho kisizidi cha mguu wake, ili nyayo zote mbili zikanyage chini. Siku ile nilipima baiskeli mbili za inchi 16: moja siti yake ilikomea 52, nyingine 46. Tairi zililingana, lakini ni ya pili tu iliyomfaa.

Kwa hiyo chaguo langu la kwanza ni inchi 16 yenye siti inayoshuka vya kutosha, hata kama ni ya mtumba. Mtumba mzuri mara nyingi una fremu ya alumini, na wepesi ni jambo kubwa hapa. Mtoto huyu ana kilo 18 hivi. Baiskeli ya chuma ya kilo 10 inazidi nusu ya uzito wake, na ikimlalia hawezi kuinyanyua. Ukiipata ya kilo 6 au 7, usibishane sana na bei. Inyanyue, shika tairi ulisukume kushoto na kulia: likicheza, beringi zimekwisha au zimelegea, mwonyeshe fundi kabla hujalipa.

Mtoto mwenye mguu chini ya sentimita 45 apewe inchi 14. Ataiacha mapema, lakini ataiendesha.

Skuta ya kusukuma kwa mguu naiweka nafasi ya tatu, na hapo ni kwa wenye ua wa saruji au pevingi. Vigurudumu vyake ni vidogo, kokoto moja hukizuia cha mbele ghafla na mtoto akarushwa juu ya usukani. Kwenye mchanga haiendi kabisa. Kama uwanja unaruhusu, nunua ya magurudumu matatu, mawili yakiwa mbele, na breki ya kukanyaga nyuma.

Inchi 20 ni ya mwisho. Isubiri miaka yake.

Vile vigurudumu vya pembeni sivipendi. Kwenye ardhi yenye mabonde hukaa juu ya vilima viwili na kuliacha tairi la nyuma likielea, na baiskeli nyingi za watoto breki yake ni ya kukanyaga pedali kinyumenyume, iliyo kwenye tairi hilohilo. Mtoto anakanyaga, breki inashika, baiskeli inaendelea kuteleza. Vifungue, na pedali uzitoe kwa muda, kwa spana namba 15. Ya kulia hufunguka kwa kuzungusha kinyume cha saa. Ya kushoto uzi wake umegeuzwa, hufunguka kuelekea mwendo wa saa. Wengi huiharibu kwa kulazimisha. Mtoto ajisukume kwa miguu mpaka aweze kuinua yote miwili na kuteleza bila kuyumba, ndipo urudishe pedali.

Kabla ya kulipa, mwambie avute breki ya mkono akiwa ameketi. Vidole visipofika, au akivuta na tairi bado linazunguka, fundi aisogeze karibu na kukaza waya. Angalia pia ncha za usukani. Mpira uliochanika ukaacha bomba wazi ni hatari kubwa: mtoto akiangukia ncha ile, inaweza kumjeruhi ini au wengu bila kuacha jeraha kubwa juu ya ngozi. Mpira mpya ni bei ndogo, ununue palepale. Kava ya cheni nayo iwepo.

Kofia ngumu ni sehemu ya bei ya baiskeli. Zungusha futi kamba juu ya nyusi upate kipimo cha kichwa, kisha chagua kofia inayokitaja. Ikae vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ikutane chini ya masikio, na chini ya kidevu pabaki nafasi ya kidole kimoja. Kofia ya mtumba siinunui, kwa sababu povu lake likishapigwa mara moja hupasuka ndani bila kuonekana nje.

Binti alizunguka uani bila pedali kwa wiki mbili. Tulipozirudisha, nilishika siti hatua chache tu. Baadaye nikapandisha siti sentimita 4, nikihakikisha alama iliyochongwa kwenye nguzo yake bado imefichika ndani ya fremu.