Notilesi "saa 5" Kisumu: nilivyosoma picha ya bei, na nilivyokaa kwenye kiti

Saluni niliyosukia notilesi, ile misuko isiyo na fundo kwenye shina, iko ghorofa ya kwanza, nyuma kidogo ya Oginga Odinga Street. Jina sitaji, kwa sababu kazi yao naipenda. Shida yangu ni yale maelezo wanayoweka chini ya picha ya bei. Niliyanakili kabla ya kulipa amana:

"Bei zetu mpya. Notilesi midiamu 2,000, saa 5. Smol 3,000, saa 8. Hadi kiunoni ongeza 500. Matuta ya kawaida 600, saa 1 na nusu. Jeli 500, dakika 45. Tipsi na jeli 1,000. Akriliki 2,000, saa 2 na nusu. Kutoa jeli ya zamani 200. Rasta uje nazo au ununue hapa. Amana 500, hairudishwi. Ukichelewa zaidi ya nusu saa nafasi imeenda. Uje nywele zimeoshwa na kublodraiwa, bila mafuta. Usije na watoto."

Mimi nilitaka midiamu hadi kiunoni na jeli ya kucha, Ijumaa, maana Jumamosi kulikuwa na harusi ya binamu yangu Bondo. Nikapiga hesabu: niingie saa tatu asubuhi, saa tano za kusukwa, saa nane niko nje, saa tisa niko kwenye matatu. Amana nikatuma kwa M-Pesa nikalala usingizi mzuri.

Nilifika saa tatu kasoro dakika tano. Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nywele nilikuwa nimeosha asubuhi hiyo hiyo na zilikuwa na unyevu katikati. Msusi alipapasa tu, akatikisa kichwa. Notilesi huanza na nywele zako mwenyewe, kisha rasta inaongezwa kidogo kidogo kadiri mkono unavyoshuka, na nywele zilizojikunja hazishikani na ile rasta ya kwanza nyembamba. Kwa hiyo blodrai, shilingi 200 zaidi, na nikamsubiri aliyekuwa na mashine. Rasta ya kwanza, yaani msuko wa kwanza, ilianza saa nne kasorobo.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba zile saa 5 hazianzi unapoketi. Zinaanza rasta ya kwanza inapoguswa. Na kuna jambo lingine ambalo maelezo hayakusema kabisa: ni saa tano za wasusi wawili.

Nilijua kwa sababu sikuwa na la kufanya ila kuangalia simu. Nikapima. Rasta moja, kuanzia kugawa kisanduku kwa kitana cha mkia hadi mwisho wa kiunoni, ilimchukua msusi wangu kama dakika saba. Nilimuuliza midiamu yake huwa rasta ngapi kichwani, akasema za kwangu zitafika sabini na kitu. Tulihesabu mwishoni zikawa 72. Dakika 7 mara 72 ni 504, yaani zaidi ya saa nane kwa msusi mmoja. Wakiwa wawili ni saa nne na dakika kumi na mbili, na ukiongeza kuchovya ncha kwenye maji moto, kupunguza nyuzi zinazotoka na kupaka povu, unafika saa tano kasoro kidogo. Maelezo hayakudanganya. Yaliacha neno moja tu, "wawili".

Hadi saa sita tulikuwa sawa, mmoja kulia, mmoja kushoto, rasta 38 zimekwisha. Kisha akaingia mteja wa matuta bila miadi. Yule wa kushoto akaniambia, "Nyamera, nakuja sasa hivi," akaenda. Hakurudi. Baada ya yule wa matuta, mteja mwingine akakaa. Zilizobaki 34 akazisuka mmoja, dakika saba saba, na ya mwisho ikafungwa saa kumi ikikaribia. Nilitoka saa kumi na nusu jioni. Bondo niliingia giza limeshatanda, shingo imekakamaa.

Sasa angalia kanuni zao. Mimi nikichelewa nusu saa, amana imeenda. Wao wakimwondoa msusi wangu saa sita mchana, hakuna kanuni. Nilimwambia mwenye saluni hivyo, kwa heshima, na alinipunguzia ile 200 ya blodrai. Nilichukua, lakini saa mbili na nusu hazirudi kwa 200.

Kucha zilikuwa balaa ndogo. Walizifanya huku nikisukwa, ili kuokoa muda, na wateja wengi hufanya hivyo. Jeli ya zamani ilitolewa vizuri: wakakwaruza juu, wakafunga pamba yenye asetoni kwa foili kama robo saa, ikatoka bila kubanduliwa kwa nguvu. Ila wakati wa kupaka rangi, msusi alivuta kichwa kugawa mstari, mkono wangu ukacheza, rangi ikagusa ngozi ya kidole gumba. Fundi alifuta haraka haraka kabla ya kuweka kwenye taa, lakini hakufuta yote. Jeli iliyogandia kwenye ngozi huinuka pembeni, maji yakaingia, na gumba hilo likabanduka siku ya tano. Vidole vingine tisa vilikaa wiki tatu. Safari nyingine jeli nitafanya wakati wa blodrai, au kichwa kikiwa kimekwisha.

Kusuka kwenyewe, sina neno. Visanduku vimenyooka, ngozi ya kichwa mbele haikuuma hata usiku wa kwanza, na sikuona vile vipele vidogo vya nywele kuvutwa sana. Nilizitoa wiki ya sita kwa hiari yangu, si kwa sababu zilichakaa. Kwa 2,500, na rasta nilizobeba mwenyewe kutoka soko la Kibuye, ni bei ya haki.

Basi kabla hujatuma amana, iandikie saluni WhatsApp maswali mawili tu: midiamu yenu ni rasta ngapi, na nitasukwa na wangapi mpaka mwisho. Ukijibiwa "inategemea", tenga siku nzima. Na jibu libaki kwenye simu, si la mdomo, maana ndilo nililotumia kuomba msusi wa pili mara ya pili nilipoenda. Siku hiyo kichwa kilikwisha saa nane na nusu, rasta 70, wawili mwanzo hadi mwisho.

Mara hiyo ya pili, kabla sijatoka, ndipo nilipoona kioja. Msichana mmoja aliingia saa tisa alasiri, ameshika simu, anasema miadi yake ni sasa. Kwenye ujumbe waliandika "Jumanne saa 3". Saluni ilimaanisha saa tatu asubuhi, yeye akasoma tatu ya kwenye simu yake. Amana ilikuwa imeshahesabiwa kuwa imeenda. Walibishana mpaka dada wa kucha akasema mbele ya wote kwamba hata yeye angesoma vivyo hivyo. Akasukwa matuta tu, amana ikahesabiwa kwenye bei.

Wiki iliyopita wamebadilisha picha. Sasa maelezo yanasema "Notilesi midiamu, rasta 60 hadi 80, masaa 5 kwa wasusi wawili, kuanzia rasta ya kwanza." Miadi bado wanaandika "saa 3".