Mkopo wa nyumba Kampala kwa mwenye mshahara: uanzie wapi, ulipe kwa miaka mingapi

Shemeji yangu ni mhasibu wa hospitali hapa Kampala. Alikulia kambi ya jeshi ya Mbuya, ndiyo maana kwao Kiswahili ndicho lugha ya mezani. Alikuja kwangu na barua ya benki mkononi, akaiweka mezani, akasema: "Shemeji, hii ya miaka ishirini ndiyo nyepesi. Kwa mwezi nalipa kidogo." Nikamwomba tupige hesabu kwanza kabla hajasaini, na hesabu hiyo ndiyo kiini cha mwongozo huu. Kwa viwango vya riba vya hapa Uganda, muda wa kulipa unaumiza kuliko jina la benki.

Chukua mkopo wa shilingi milioni 100 kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka, inayohesabiwa juu ya salio linalopungua. Ukilipa kwa miaka 10, kila mwezi unatoa kama 1,738,000. Kwa miaka 15 ni 1,539,000. Kwa miaka 20 ni 1,467,000. Tazama vizuri hapo. Kutoka miaka 15 kwenda 20 unapunguziwa 72,000 tu kwa mwezi, nauli na chakula cha mchana cha siku chache, lakini jumla ya utakachorudisha inapanda kutoka kama milioni 277 hadi milioni 352. Unanunua nafuu ya 72,000 kwa milioni 75.

Sababu yake iko kwenye mwezi wa kwanza. Riba ya mwezi huo peke yake ni 1,417,000. Aliyechagua miaka 20 analipa 1,467,000, kwa hiyo katika pesa yote hiyo ni 50,000 tu zilizogusa deni lenyewe. Baada ya miaka 5 ya kulipa bila kukosa, bado anadaiwa zaidi ya milioni 95. Wa miaka 15 atakuwa amebakiwa na milioni 88 na nusu, na wa miaka 10 atakuwa amekwenda mbali zaidi. Watu wengi hugundua jambo hili siku wanapotaka kuuza nyumba au kuhamishia mkopo benki nyingine, na mshtuko wake si mdogo.

Kwa hiyo swali la kwanza ni mshahara wako unabeba kiasi gani kwa miaka 15 au pungufu. Shemeji analipwa milioni 4.5 kabla ya makato. Kodi ya mshahara inachukua 1,252,000 na asilimia 5 yake ya NSSF ni 225,000, anabaki na kama 3,023,000. Benki nyingi hazitaki makato ya mikopo yote kwa pamoja yazidi nusu ya unachopeleka nyumbani, na hapo huhesabiwa hata mkopo mdogo wa simu au wa SACCO unaoonekana kwenye slipu. Nusu yake ni milioni 1.5 hivi, ambayo kwa miaka 15 inabeba mkopo wa kama milioni 98. Mipaka yake ndiyo hiyo, hata kama dalali anamwonyesha nyumba ya milioni 200.

Sasa wakopeshaji, kwa mpangilio wangu.

Kwa asiye na kiwanja, naweka juu benki yenye idara ya mikopo ya nyumba, na ningeanzia Housing Finance Bank. Ilianzishwa mwaka 1967 kwa kazi hii hii, NSSF na serikali ndio wenye hisa karibu zote, na maofisa wake wamezoea hati za kila aina. Halafu nenda benki inayopitisha mshahara wako, iwe Stanbic, Centenary, Absa au dfcu. Benki inayoona mshahara wako ukiingia kila mwezi ina sababu ya kukupunguzia, hasa kama mwajiri wako ana makubaliano nayo. Uliza idara ya wafanyakazi kabla ya kuuliza benki, maana makubaliano hayo mara nyingi hayatangazwi. Ukiwa na barua mbili za ofa mkononi, ile ya kwanza huanza kulegea.

Kila benki inatakiwa na miongozo ya Benki Kuu ya Uganda ya mwaka 2011 kukupa karatasi ya mambo muhimu ya mkopo kabla hujasaini. Iombe, kaa nayo usiku mmoja nyumbani. Humo tafuta mambo mawili. Je, riba inabadilika? Karibu zote hubadilika, na ikipanda kutoka 17 hadi 19 kwa mkopo wa milioni 100 wa miaka 15, mwezi unaongezeka kama 144,000. Na je, ukilipa mapema kuna faini? Mimi ningekubali riba iliyo juu kwa nusu asilimia kutoka benki isiyotoza faini, kwa sababu mwenye mshahara hupata bonasi na malimbikizo, na pesa hizo ndizo zinazovunja mgongo wa deni.

Kama tayari una kiwanja chenye hati safi, mpangilio wangu unageuka. Hapo mkopo wa mshahara wa miaka 5 hadi 7, unaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara, unaweza kuwa bora kuliko rehani ya miaka 15. Kwa shemeji, milioni 1.5 kwa mwezi kwa miaka 7, kwa riba ya asilimia 18, ingempa kama milioni 71. Si nyumba nzima, lakini ni kuta, paa na chumba cha kuhamia, na hati inabaki sandukuni kwake. Nusu ya Wakiso imejengwa hivyo, kidogo kidogo. Hatari yake ni moja: ukipoteza kazi, makato yanasimama lakini deni halisimami.

SACCO ya kazini naiweka ya tatu kwa nyumba nzima, na ya kwanza kwa kumalizia au kujazia malipo ya awali. Wanajeshi wana Wazalendo, polisi wana Exodus, na ofisi nyingi zina yao. Angalizo ni namna riba inavyohesabiwa. Ukiambiwa asilimia 12 kwa mwaka, uliza: juu ya salio, au juu ya mkopo wote hadi mwisho? Milioni 20 kwa asilimia 12 juu ya mkopo wote kwa miaka 4 ni 616,667 kwa mwezi, na hiyo ni sawa na karibu asilimia 21 ya salio linalopungua. Nambari ndogo ndiyo iliyokuwa ghali.

Mwisho kabisa naweka mpango wa mwuzaji wa nyumba anayekuruhusu kulipa kwa awamu bila benki, hasa nyumba ikiwa bado ramani. Hati ya ardhi yote hubaki kwake mpaka umalize, na huenda yeye mwenyewe ameiweka rehani. Kama lazima uingie huko, hakikisha kwanza kwamba hati mama haina deni.

Malipo ya awali ndiyo yaliyotaka kumwangusha shemeji. Nyumba aliyoipenda iko Seeta, mwenyewe alitaka milioni 140. Benki ilisema inatoa asilimia 70, naye akaweka akiba ya milioni 42 akidhani amefika. Lakini benki haikopeshi kwa bei ya mwuzaji, inakopesha kwa thamani ya mthamini. Mthamini akasema milioni 130, asilimia 70 yake ni milioni 91, na ghafla pengo likawa milioni 49. Nilimwambia asikimbilie kukopa hizo 7 pembeni, maana zingeonekana kwenye slipu na kupunguza mkopo wenyewe. Badala yake alimpelekea mwuzaji ripoti ya mthamini. Walivutana wiki mbili, wakaishia milioni 134, na pengo likawa 43.

Nje ya hapo kuna gharama ambazo kwa kawaida hutoka mfukoni mwako. Ushuru wa stempu wa kuhamisha hati ni asilimia 1.5 ya thamani. Kuna ada ya kuandaa mkopo, wakili, mthamini, bima ya maisha ya mkopaji na bima ya moto. Yeye zilimfikia karibu milioni 7. Aliye na miaka 45 au zaidi na amechangia NSSF kwa miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake tangu sheria ilivyorekebishwa mwaka 2022, na sijui matumizi bora ya pesa hiyo kuliko haya: kila milioni 10 unayoongeza mwanzoni, kwa mkopo wa miaka 15, inakuokoa kama milioni 27.7 za kurudisha.

Hati nayo. Kabla hujamlipa mthamini, nenda ofisi ya ardhi ya kanda (kwa Seeta ni Mukono) ukafanye upekuzi wewe mwenyewe, usiachie dalali. Uone jina la mwenye hati, kama kuna rehani, na kama kuna zuio. Kisha fika kwenye ardhi yenyewe, uongee na majirani na mwenyekiti wa LC1. Ardhi ya mailo inaweza kuwa na hati safi kabisa huku juu yake amekaa mwenye kibanja ambaye sheria inamlinda, na wewe ukajikuta unalipa benki kwa ardhi usiyoweza kuingia. Kibanja chenyewe, bila hati, hakikubaliki kwa rehani ya kawaida. Na kama wewe ni Mkenya, Mtanzania au Mkongomani unayefanya kazi hapa, huruhusiwi mailo wala umiliki huru, ni hati ya kukodi tu, isiyozidi miaka 99, basi angalia imebaki miaka mingapi.

Mwenye ndoa ajue kwamba rehani ya nyumba ya familia haina nguvu bila idhini ya mwenzi. Mweleze mapema, kwa nambari zote, kwa sababu ukikwama ni familia nzima itakayoondoka. Sheria ya Rehani ya mwaka 2009 inakupa siku 45 za kazi baada ya notisi ya kuchelewa, halafu siku 21 za kazi baada ya notisi ya kuuza. Ni muda wa kutosha kuomba kupangiwa upya ukienda benki mwezi wa kwanza wa kuyumba, na ni mfupi mno ukingojea wa nne.

Shemeji alisaini milioni 91 kwa miaka 15. Analipa kama 1,400,000 kwa mwezi, na benki yake haitozi faini ya kulipa mapema. Bonasi ya Desemba ameshaniambia inakwenda wapi.