Mchanganyiko mzito au mwepesi, injini ya petroli inataka upi?

Hesabu kamili ni kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli, ila injini haikai hapo muda wote. Unapanda Marangu gari imejaa watu, mafuta umekanyaga mpaka chini, hapo inataka mzito, yaani petroli nyingi kwa hewa ileile, kama 12.5 kwa 1 hivi, maana ndo nguvu ilipo na petroli ya ziada inapoza silinda isianze kugonga. Asubuhi ya baridi Arusha mzito tena, petroli haigeuki mvuke vizuri, nyingine inabaki imelowanisha kuta za manifoldi.

Mwepesi, 15 na kitu, unafaa tambarare ya kwenda Moshi ukikanyaga kidogo tu, mi naupenda kwa mfuko. Mlimani utachemsha, plagi inatoka nyeupe. Ikitoka nyeusi masizi na injini ishapata moto, choki imesahaulika, au sensa ya joto inaidanganya kompyuta bado baridi.