Presha kuka yangu, miezi minane baadaye

Wiki mbili za mwanzo ilikaa ndani ya boksi. Nilishasikia hadithi nyingi za mifuniko iliyoruka hadi darini, na mdogo wangu alikuwa amenionya kabisa: siku nikiiwasha, yeye jikoni haingii. Sasa imepita miezi minane, na maharage yaliyokuwa yakila saa mbili za moto yanaiva kwa dakika 25, mradi yamelala ndani ya maji usiku kucha.

Kwenye sufuria ya kawaida maji yakifika nyuzi 100 yanachemka na hayapandi tena. Ongeza moto utakavyo, utapata mvuke tu. Presha kuka inaubana huo mvuke. Mgandamizo ndani unafika karibu mara mbili ya ule wa hewa ya nje, na maji yanafika kama nyuzi 120. Maharage yanalainika upesi kwa joto hilo.

Kinachozuia presha isizidi hapo ni kile kizito kidogo kinachokaa juu ya kitundu cha mvuke. Mvuke ukizidi unakinyanyua, unatoka kwa mlio, kisha kinakaa tena. Mlio ule ulikuwa ukinitisha. Kumbe ndio dalili kwamba kitu kinafanya kazi yake. Kikianza kulia napunguza moto hadi kicheze taratibu, na hapo ndipo naanza kuhesabu dakika.

Siku moja nilijaza maharage hadi karibu na ukingo. Kizito kikalia kidogo, halafu kikanyamaza, na moto uko palepale. Huo ukimya ndio wa kuogopa: povu na ganda moja la haragwe vilikuwa vimeziba kitundu. Nilizima jiko nikarudi nyuma. Mara vali ya akiba, kile kiraba pembeni mwa mfuniko, ikafyatuka, na mchuzi ukapaka ukuta. Mfuniko wenyewe haukusogea hata kidogo. Nilinunua kiraba kipya, na tangu siku hiyo maharage na maji kwa pamoja hayapiti nusu ya chungu. Naongeza kijiko cha mafuta kupunguza povu, na kabla ya kufunga nauelekeza mfuniko kwenye mwanga nione kama kitundu kiko wazi.

Kufungua nako kuna subira yake. Baada ya kuzima naiacha dakika 10 hadi 15, ile pini ya mfuniko inayoinuliwa na presha ishuke yenyewe. Mfuniko ukikataa kuzunguka, bado kuna presha. Ukiulazimisha, maji yale ya nyuzi 120 yatafoka yote kwa mpigo.

Lawama yangu ni moja: huwezi kuchungulia wala kuonja. Maharage ya zamani, yaliyokauka sana, nimewahi kuyafungulia nikayakuta bado magumu, ikabidi nifunge tena na kuyarudishia dakika 15.