Maruni yangu na shampuu ya mba: miezi miwili ya kujaribu

Povu lilipoanza kuteremka mabegani likiwa na rangi ya juisi ya zabibu, nilijua shilingi 3,500 za saloni zinaenda na maji.

Nilikuwa nimepaka maruni Ngara, nywele zikapigwa blichi kwanza ili rangi ishike. Wiki ya pili mba ikaanza kunimwagikia kwenye blauzi nyeusi ya kazini. Duka la dawa mtaani kwetu Umoja wakaniuzia shampuu ya seleniamu salfaidi ya asilimia 2.5, nikaisugua kichwa kizima hadi ncha, kwa maji ya moto, maana niliona joto ndilo litakalong'oa magamba. Sitaisingizia: baada ya kuosha mara tatu mwasho ulipungua. Lakini maruni ilikuwa imegeuka kutu ya mabati, na pete yangu ya fedha nayo ikawa nyeusi. Ndipo nikasoma karatasi iliyokuwa ndani ya boksi. Imeandikwa waziwazi: vua vito, na nywele zilizopakwa rangi au blichi zinaweza kubadilika, kwa hiyo suuza angalau dakika tano. Mimi nilisuuza kidogo tu, tanki lilikuwa karibu kuisha.

Msusi wangu alinifafanulia. Rangi ya kudumu huingia ndani ya unywele ikiwa chembe ndogo, kisha peroksaidi inaziunganisha ziwe kubwa zisiweze kutoka. Blichi huacha unywele na matundu mengi, na jamii ya wekundu ndiyo hutoroka mapema kuliko zote. Shampuu nyingi za mba nazo zina sabuni kali ya kukomba mafuta, kwa sababu fangasi anayeleta mba anaishi kwa mafuta ya kichwa. Sabuni hiyo haichagui, ikifika kwenye unywele inakomba na rangi.

Kabla ya kununua chupa nyingine nilifanya jaribio la jikoni. Nilikusanya nywele zilizobaki kwenye kitana nikazigawa katika vifuniko vitatu vya soda: cha kwanza maji matupu, cha pili maji na shampuu ya seleniamu, cha tatu maji na ya ketokonazoli ya asilimia 2, ambayo jirani alinimiminia kidogo. Baada ya dakika tano nilizifinya kwenye tishu nyeupe. Ya seleniamu iliacha doa la waridi lililokolea, ya ketokonazoli doa hafifu. Kilichonishangaza ni kwamba hata maji matupu yaliacha alama. Nikaelewa kwamba kila kuosha kuna gharama yake, hata bila dawa.

Basi nikahamia ketokonazoli. Nayo karatasi yake inaonya kuhusu rangi, hasa kwa nywele zilizochoshwa na kemikali, ila kwangu imekuwa mpole. Na safari hii nilibadilisha namna ya kuosha, nadhani hapo ndipo palipookoa mambo. Ninagawa nywele mafungu manne, nalowesha, kisha kuanzia kama sentimita tatu kutoka kichwani hadi ncha napaka kondishena nzito na kuzibana juu. Kondishena inashika nafasi ambayo sabuni ingeingia. Shampuu naitia kwenye chupa ya mdomo mwembamba, ile ya kupakia rangi, nachora mistari kwenye ngozi tupu na kukanda kwa vidole. Nasubiri dakika tano, kwa sababu ukiisuuza mara moja dawa haijafanya kazi. Kisha nainamisha kichwa nyuma na kusuuza kwa maji ya baridi, povu likimbilie kisogoni lisipitie urefu wote. Nywele zenyewe sizipaki shampuu kamwe, huoshwa na hiyo kondishena.

Naosha mara moja kwa wiki. Karatasi inasema mara mbili, lakini daktari wa ngozi aliniambia nywele kavu za Kiafrika hazistahimili hivyo, nami nimeona mara moja inatosha. Katikati ya wiki mwasho ukirudi pembeni mwa uso, napaka krimu ya ketokonazoli kidogo, haihitaji maji wala sabuni. Mafuta ya nazi nimeyaacha kabisa kichwani, nayatia kwenye ncha tu. Kumbe nilikuwa namlisha fangasi.

Kufikia wiki ya tano blauzi ilikuwa safi. Kama ingekuwa bado, daktari alitaka nirudi, kwani fangasi wa mashilingi au ugonjwa wa ngozi wa soriasisi huonekana kama mba na shampuu hii pekee haiwezi kuyamaliza.

Urefu wa nywele bado ni maruni. Sentimita mbili za karibu na kichwa zimefifia, hapo hakuna ujanja, dawa lazima iguse. Mwenye nywele fupi sana basi mbinu hii haitamsaidia sana, maana nywele zake zote ziko humo. Mimi mwezi ujao nitarudia mizizi peke yake, ngozi ikiwa imetulia.