Nilifuta Kenya, ikaja Ethiopia

Nyota mbili. Nilianza kwa kutoa moja, nikaongeza moja, na sasa hivi ninavyoandika mkono unanicheza niirudishe ilikokuwa.

Huduma yenyewe ni ya kupanga kazi za timu mtandaoni. Ugomvi wangu ni kisanduku kimoja tu, kile cha jina la timu. Tulikuwa watatu, kila mtu na nchi yake, nikaweka bendera tatu mbele ya jina: 🇰🇪🇹🇿🇺🇬. Kwenye simu zilipendeza. Kufungua kwenye kompyuta, bendera hakuna, nakuta KE TZ UG, herufi tupu kama namba za magari. Nikawaandikia watu wa huduma kwa wateja. Jibu lao: "Ndugu mteja, kifaa chako ni cha zamani." Kompyuta yenyewe haijatimiza hata mwaka!

Uzee haukuhusika. Bendera ya Kenya haihifadhiwi kama picha moja. Tangu mwaka 2010, Unicode, ule mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi na alama namba yake kwenye kompyuta, ina alama 26 za pekee, A hadi Z, ambazo si herufi za kawaida tunazoandikia. Ukiziweka mbili mbili kwa kufuata kifupi cha nchi, kile cha orodha ya ISO 3166-1, unapata bendera: K na E ni Kenya, T na Z ni Tanzania. Ukifungua konsoli ya kivinjari unaweza kuziona zikiwa zimeachana:

```
[..."🇰🇪"].map(c => c.codePointAt(0).toString(16))
// ["1f1f0", "1f1ea"]
```

Ya kwanza ni K, ya pili ni E. Kuzigeuza kuwa kitambaa chenye rangi ni kazi ya fonti. Fonti ikiwa na mchoro wa jozi hiyo, unaona bendera. Ikiwa haina, inakuonyesha herufi zenyewe. Fonti ya emoji inayokuja na Windows kwa miaka mingi haijawekewa bendera za nchi, wakati Firefox hutembea na fonti yake, ndiyo maana kompyuta moja inaweza kukuonyesha bendera kwenye kivinjari kimoja na herufi kwenye kingine. Yule ndugu angeniambia hivyo kwa sentensi mbili, tungeachana kwa amani.

Sasa sikia kilichonipandisha hasira. Baada ya muda mwenzetu wa Kenya akahamishiwa timu nyingine. Nikashika simu, nikaweka kishale mwanzoni kabisa mwa jina, nikabonyeza kufuta mbele mara moja, nikahifadhi bila hata kuangalia. Haikupita dakika tano ujumbe ukaanza kuingia: "Kwani siku hizi tuko Ethiopia?" Naangalia, naona bendera ya Ethiopia, kisha herufi Z na U, kisha G peke yake. Tanzania imetoweka. Uganda imetoweka. Na sijazigusa!

Nikaandika tena, safari hii kwa herufi kubwa, nakiri. Nikajibiwa kwamba "huenda ulichagua bendera isiyo sahihi." Mimi! Nikachagua Ethiopia na G!

Kilichoniokoa, na hapa ndipo ninapolazimika kumeza maneno yangu, ni ile kompyuta niliyokuwa naitukana. Kuifungua tu, imeandika wazi: ET ZU G. Nikaona palepale kuwa iliyokosekana ni K. Kile kisanduku kilikuwa kimefuta nusu ya bendera. Na kwa kuwa kati ya bendera na bendera hakuna alama yoyote ya kuzitenganisha, programu inayosoma huanza mwanzo wa mfululizo na kuhesabu mbili mbili. K ikiondoka, E inajishikiza kwa T ya jirani, na ET ni Ethiopia. Z inaangukia kwa U, na ZU si nchi ya mtu. G inabaki mjane. Simu yenye bendera nzuri ilinificha yote hayo. Herufi zilizonichukiza ndizo zilizosema kweli.

Kosa basi ni la kisanduku. Kilitakiwa kufuta jozi nzima kwa mbonyezo mmoja, maana kanuni za Unicode za kugawa maandishi zinasema jozi ya namna hiyo isikatwe katikati. Ukitaka kujua chako kikoje, weka kishale kabla ya bendera ubonyeze mshale wa kulia. Kikiruka bendera nzima kwa mara moja, uko salama. Kikihitaji mara mbili, usifute kipande kipande. Futa zote uandike upya.

Ndivyo nilivyofanya, na jina likakaa sawa. Nyota ya pili nilikuwa nimewapa kwa sababu kila kitu kingine kinafanya kazi. Lakini jana nimepokea barua pepe kwamba ombi langu "limetatuliwa". Nimejaribu tena kufuta Tanzania. Imekuja ZU. Haya, nyota moja.